Kianzio cha nyumba ndani ya miaka mitano: hela ikae wapi?

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, dada yangu anauza vitenge Mwanjelwa, wamepanga Uyole vyumba vitatu kwa laki mbili kwa mwezi. Mwezi wa saba walinipigia simu wakiwa wamechanganyikiwa kabisa. Wanataka nyumba yao, wameshaamua hawajengi (sababu zao wanazijua, mojawapo ni fundi aliyewahi kupotea na hela ya bati), watanunua iliyokwisha kwa mkopo wa benki, na wamejipa miaka mitano kukusanya hela ya mwanzo. Sasa kila waliyemuuliza hiyo hela waiweke wapi kawapa jibu lake. Mwalimu mwenzake kasema nunua hisa. Mama mmoja wa kikoba kasema UTT. Mjomba kule Tukuyu kasema acheni ujinga, pandeni parachichi. Mwingine kasema hatifungani ya serikali ya miaka 25, "hiyo haipotei". Na dalali, kama kawaida yake, kasema ana kiwanja Mbalizi.

Nilichogundua ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewauliza hela inatakiwa lini. Na hapo ndipo watu wengi wanapovurugikiwa, kwasababu parachichi sio mbaya, hisa sio mbaya, bondi ya miaka 25 sio mbaya, ila kila kimoja kina muda wake.

Kwanza tuelewane kwenye maneno maana nusu ya mkanganyiko unaanzia hapo. Watu wanasema "dipoziti ya nyumba" na benki nayo ina "fiksi dipoziti", ni vitu viwili tofauti. Ile ya nyumba mimi naiita kianzio, yaani sehemu ya bei unayotoa wewe mfukoni kabla benki haijamalizia. Fiksi dipoziti ni hela unayoifungia benki kwa muda mliokubaliana, miezi sita au mwaka, inakupa riba. Hatifungani, au bondi, ni wewe unaikopesha serikali, inakulipa riba kila miezi sita na mwisho wa muda inakurudishia mtaji wako wote. Vipande ni sehemu yako kwenye mfuko wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, watu wengi mnachanga, wataalamu wanawekeza kwa niaba yenu. Hisa ni umiliki wa sehemu ya kampuni. Na ninaposema muda wa kati nina maana ya hapa kwenye miaka mitatu hadi saba, hela ambayo huitaki kesho lakini pia huwezi kuisubiri mpaka uzeeke.

Sasa tupige hesabu ya shemeji, maana bila namba tutabaki kwenye ubishi wa kijiweni.

Nyumba ya aina wanayoitaka leo tuseme ni milioni 60. Lakini hawanunui leo, wananunua baada ya miaka mitano, na bei haitawasubiri. Tukiweka bei ipande asilimia 5 kila mwaka, ile nyumba ya 60 itakuwa inakaribia milioni 77. Hili watu wengi wanalisahau, wanaweka akiba kwa bei ya leo halafu wakifika wanakuta goli limehamishwa. Benki nyingi zitataka mnunuzi atoe asilimia kama 10 mpaka 20 yake mwenyewe, tuchukue 20, hiyo ni milioni 15 na kidogo. Juu yake kuna gharama ambazo hazipo kwenye bei aliyokutajia muuzaji, mthamini, mwanasheria, ushuru wa stempu asilimia 1, usajili wa hati, tutenge milioni 3.

Kwahiyo lengo ni milioni 18? Hapana, na hapa nilibishana na shemeji kama nusu saa. Asilimia 20 ni kiwango cha benki kujilinda yenyewe, haina uhusiano na uwezo wako wa kulipa. Ukitoa 15 kwenye nyumba ya 77 unabaki na deni la milioni kama 61. Kwa riba ya asilimia 16 (mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikizungukia hapo kwenye 15 mpaka 19), kwa miaka 15, rejesho ni kama laki tisa kila mwezi. Laki tisa! Wao leo kodi laki mbili na uwezo wa kuweka akiba hauzidi laki nne, jumla laki sita. Hiyo laki tisa itatoka wapi? Wakifikisha lengo la milioni 30, tatu za gharama na 27 za kianzio, deni linashuka hadi milioni 50 na rejesho linakuwa laki saba na elfu thelathini na kitu. Bado ni zaidi ya sita, lakini ndani ya miaka mitano mshahara utakuwa umesogea kidogo na biashara ya dada nayo, inafikirika. Akiba ya kila mwezi pamoja na kodi unayolipa leo ndio mazoezi ya rejesho la kesho, ukiona mazoezi yenyewe yanakushinda basi mechi usiingie na kianzio kidogo.

Haya, milioni 30 ndani ya miezi 60. Sasa angalia hii vizuri maana ndio kiini cha haya yote.

Ukiweka kwenye kibubu, riba sifuri, unatakiwa uweke laki 5 kamili kila mwezi. Ukiweka mahali panapokupa asilimia 9 kwa mwaka, unatakiwa uweke kama laki 3 na elfu 98. Ukitafuta sehemu kali inayokupa asilimia 14, unatakiwa uweke kama laki 3 na elfu 48. Umeona? Kutoka kwenye kibubu mpaka asilimia 9 umeokoa zaidi ya laki moja kila mwezi, hiyo ni hela ya maana. Lakini kutoka 9 kukimbilia 14, na kuna hatari zote za huko, unaokoa elfu hamsini tu kwa mwezi.

Kwanini tofauti ni ndogo hivyo? Kwasababu hela yote haikai miaka mitano. Ile uliyoweka mwezi wa kwanza ndio inakaa miaka mitano, uliyoweka mwezi wa 59 inakaa siku thelathini. Kwa wastani kila shilingi yako inakaa kama miaka miwili na nusu tu. Ni kama maharage yaliyowekwa jikoni kwa mafungu, la kwanza limeiva vizuri, la mwisho hata maji hayajapata moto. Kwenye hesabu ya asilimia 9, kati ya zile milioni 30, karibu milioni 24 ni hela yenu wenyewe mliyoitoa mfukoni na 6 tu ndio riba. Maana yake kwenye lengo la miaka mitano kazi kubwa inafanywa na kuweka, sio na kuwekeza. Kwenye pensheni ya miaka thelathini inageuka, huko riba ndio inabeba mzigo. Watu wanachukua ushauri wa miaka thelathini wanautumia kwenye miaka mitano, ndio wanaumia.

Na kuumia kwenyewe kukoje? Tufike mwezi wa 48. Shemeji kaweka vizuri kwa asilimia 9, ana milioni kama 22.9. Tuseme hela hiyo ilikuwa kwenye kitu ambacho thamani yake inaweza kushuka kwa theluthi, na mwaka huo ikashuka. Anabaki na milioni 15. Ili afikishe 30 miezi kumi na miwili iliyobaki anatakiwa aweke zaidi ya milioni moja kwa mwezi, mtu ambaye uwezo wake ni laki nne. Haiwezekani. Alikuwa anatafuta elfu hamsini ya nafuu kwa mwezi, kapoteza nyumba. Hasara ya mwaka wa kwanza unaifidia maana bado una kidogo humo ndani, ya mwaka wa tano inakukuta umebeba karibu kila kitu.

Kwa msingi huo tuzipitie zile ushauri moja moja.

Hisa. Mimi mwenyewe ninazo na sizisemi vibaya. Lakini chukua mfano unaojulikana na ulio wazi, hisa za CRDB. Mwaka 2015 benki iliuzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350. Mwaka 2019 hisa ileile sokoni ilikuwa chini ya 150. Baadaye ilipanda, ikapita pale ilipokuwa, na aliyevumilia leo anacheka. Sasa jiulize aliyenunua 2015 kwa ajili ya kianzio cha 2019 au 2020, muuzaji wa nyumba angemsubiri? Kampuni haikuwa imekufa, wala mtu hakuibiwa, ni bei tu ilikuwa chini wakati yeye anataka kutoka. Miaka mitano ni mifupi kiasi kwamba bei inaweza kushuka na isirudi kabla ya tarehe yako. Kuna na jambo jingine, pale soko la hisa la Dar siku nyingine wanunuzi ni wachache, unaweza ukaweka oda ya kuuza hisa nyingi ukasubiri.

Parachichi. Mjomba hakosei kwamba Rungwe na Njombe watu wamepata hela kwenye hass. Lakini mche wa hass unaanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu hivi, mavuno ya kueleweka yanakuja baadaye, na miaka hiyo ya kwanza shamba linakula hela, halitoi. Maana yake katika miaka yako mitano shamba litakuwa ndio kwanza linaanza kulipa deni lake lenyewe. Miti ya mbao kule Mufindi ndio kabisa, paina unaongelea zaidi ya miaka kumi. Ni mradi, ni urithi wa watoto, ila kianzio sio.

Mahindi nayo watu wananiuliza, kununua mwezi wa saba yakiwa bei ya chini, kuuza mwezi wa kwanza. Hiyo ni biashara, sio akiba, inataka ghala, dawa ya dumuzi na macho yako, na mwaka serikali ikifunga mpaka kama 2017 unabaki na magunia yako. Ukiiweza ifanye, ila faida ndio uilete kwenye akiba, mtaji wa nyumba usiupeleke ghalani.

Kiwanja hapa ndio pana ubishi mkubwa kwasababu kuna msemo umekaa kichwani kwa kila mtu kwamba ardhi haishuki bei. Labda ni kweli kwa miaka ishirini. Tatizo la kiwanja kwa shemeji sio bei, ni kwamba hakikatiki. Huwezi kuuza robo ya kiwanja kwasababu umepungukiwa milioni tatu za mwanasheria. Na kukiuza kwa haraka ni shughuli, unampa dalali, dalali anawapa madalali wengine, wateja wanakuja kuangalia jumapili, mmoja anasema subiri nikivunja kikoba, mwingine anataka kulipa kwa awamu tatu, miezi sita imekata. Nimewahi kuuza kiwanja mwenyewe, mwanzo nilitaja bei ya milioni 9, mpaka naondoka na hela mkononi ilikuwa 7 kasoro na miezi minane ilikuwa imepita. Na kama hakina hati, mnunuzi anayetumia mkopo wa benki umeshamkosa. Ila nitenganishe kitu kimoja, kama lengo lako ni kujenga mwenyewe, basi kununua kiwanja mapema ni sahihi kabisa, maana pale huwekezi, umeshanunua kipande cha nyumba. Shemeji hajengi, kwahiyo kiwanja kwake ni kuzunguka mbuyu.

Tuje kwenye hatifungani, ambayo watu wanaiogopa bila sababu au wanaipenda bila kuielewa.

Ule msemo kwamba bondi ya serikali "haipotei" ni kweli kwa sharti moja, kwamba unaishika mpaka mwisho wake. Ukitaka kutoka katikati unaiuza sokoni kwa mtu mwingine, na bei anayokupa inategemea riba za siku hiyo. Mfano halisi. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba za bondi ndefu, ile ya miaka 20 ikatoka asilimia 15.49 ikaenda 12.10. Kuna watu walinunua hiyo ya 12.10 wakaona wamepata pazuri. Ilipofika 2024 bondi mpya za miaka 20 zikawa zinatoka tena na riba ya zaidi ya 15. Sasa wewe una bondi inayolipa 12.10, umwuzie mtu ambaye akienda mnadani anapata 15, atakubali? Atakubali kama utampunguzia bei. Kwa hesabu, kila shilingi 100 ya bondi hiyo ikiwa imebaki miaka 18, mnunuzi anayetaka 15 na robo atakupa kama 81. Serikali haijakukosea, riba yako kila miezi sita unaipata kama kawaida, lakini ukitaka hela yako leo umepoteza karibu moja ya tano ya mtaji.

Sasa chukua bondi ileile yenye riba ileile, ila imebakiza mwaka mmoja tu kuisha. Mnunuzi yuleyule anayetaka 15 na robo atakupa kama 97. Kwasababu anajua mwaka mmoja tu atapewa mia yake kamili. Kwahiyo hatari haiko kwenye neno bondi, iko kwenye umbali kati ya tarehe ya bondi na tarehe yako. Bondi ya miaka 25 kwa mtu wa miaka mitano ni sawa na kupanda basi la Dar wakati unashuka Makambako, utafika, ila kushuka katikati ni kwa hisani ya dereva. Tafuta bondi inayoisha kabla ya siku yako.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Sio lazima usubiri mnada wa Benki Kuu. Sokoni kuna bondi za zamani, kwa mfano ilitolewa ya miaka 10 huko nyuma na sasa imebakiza miaka miwili na nusu. Unamwambia broka au benki yako, ile inayokufungulia akaunti ya CDS ya kutunzia bondi zako, "nitafutie bondi inayoisha kabla ya mwezi fulani mwaka fulani." Unaanzia milioni moja. Usiseme "nataka bondi nzuri" maana utapewa ile yenye riba kubwa, na yenye riba kubwa mara nyingi ndio ndefu.

Mifuko ya vipande sasa. UTT wana mifuko kadhaa na watu wanaiita yote "UTT" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndio mama wa kikoba na mwalimu wanabishana wakati wanaongelea vitu tofauti. Mfuko wa Umoja una hisa ndani yake, kwahiyo unayumba zaidi. Mfuko wa Ukwasi unawekeza kwenye vitu vya muda mfupi na riba, hauna gharama ya kuingia wala kutoka, na hela unaipata ndani ya siku chache za kazi ukiomba. Mfuko wa Hatifungani uko upande wa bondi. Kwa mtu anayeweka laki nne kila mwezi, Ukwasi ndio unafaa kuwa kikapu cha kila siku, unaweka hata kwa simu, bei ya kipande inasogea juu taratibu bila drama.

Ila msidanganyane kwamba ile asilimia 12 ya UTT watu wanayoitaja ni ya uhakika kama mshahara. Hapana. Mfuko haukuahidi, ni ulivyowahi kupata, riba za serikali zikishuka na mfuko unashuka. Ndio maana kwenye hesabu ya shemeji nimetumia 9 makusudi. Ikija 11, atamaliza mapema, hakuna atakayelia.

Fiksi dipoziti ya benki inafaa, hasa mwishoni. Angalia vitu viwili. Riba wanayokutajia inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, kwahiyo 9 inakuwa 8.1 mkononi. Na ukivunja kabla ya muda, riba yote au sehemu kubwa unaiacha pale pale. Kuhusu usalama, watu wa huku hatuna haja ya kusimuliwa, Januari 2018 Benki ya Wananchi Njombe ilifungwa siku moja na benki nyingine nne. Bodi ya Bima ya Amana ndio inalipa wenye akaunti, wakati ule kikomo kilikuwa milioni 1.5 kwa mtu, baadaye kikapandishwa mpaka 7.5. Kwahiyo milioni 25 kwenye benki moja ndogo sio sawa na milioni 7 kwenye benki hiyohiyo. Vipande vya UTT haviko chini ya bima hiyo, wala kikoba, wala mchezo wa kupeana.

Kikoba kwa kusema ukweli nakipenda, riba yake kuna mwaka inazidi hata bondi. Lakini riba hiyo inatoka kwa akina mama wenzako wanaokopa, mmoja akihama mji na milioni mbili hesabu ya kuvunja inakuwa kelele. Tena kinavunjwa Desemba, mwezi wa ada na sikukuu. Dada yangu kaendelea na kikoba chake kwa elfu ishirini kwa wiki, hiyo tumekubaliana ni ya dharura na ya biashara, haihesabiwi kwenye nyumba.

Dola nimeulizwa pia. Mshahara wa shilingi, nyumba ya shilingi, deni la shilingi. Mwaka 2024 dola ilipanda ikapita 2,700 halafu kabla mwaka haujaisha ikaporomoka mpaka kwenye 2,400. Achana nayo.

Basi tulichopanga ni hiki. Miaka miwili ya kwanza laki nne yote inaenda Ukwasi, tarehe 26, siku moja baada ya mshahara, kabla kodi ya meza haijalipwa. Ukifika mwezi wa 24 panatakiwa pawe na milioni kama 10.4. Hapo achukue milioni 8 anunue bondi inayoisha ndani ya mwezi wa 50 hivi, sio zaidi, ile milioni mbili na pointi ibaki Ukwasi na laki nne ziendelee kuingia. Bondi itakuwa inamletea riba kila miezi sita kwenye akaunti ya benki, na hapa nimemsisitizia mpaka kachoka, riba ikiingia siku hiyohiyo irudi Ukwasi. Ile asilimia 9 ya kwenye hesabu inachukulia kwamba kila senti inarudi kazini. Riba ikiingia laki nne na ushee mwezi wa ada ya shule, ikaliwa, mara tano, hiyo ni milioni mbili na ushee imetoka kwenye paa la nyumba na hutaona imetokea wapi.

Mwaka wa tano hakuna kununua kitu kipya. Bondi ikiisha, mtaji unaenda fiksi ya miezi sita au unabaki Ukwasi, basi. Mwezi wa 57 kila kitu kiwe kinaweza kugeuka hela ndani ya wiki, maana mwenye nyumba akikubali bei hasubiri mnada.

Vituo vya kujipima, kwa laki 3 na 98 na asilimia 9, viko hivi: mwaka wa kwanza karibu milioni 5, wa pili 10.4, wa tatu 16.4, wa nne 22.9, wa tano 30. Akiandika kwenye daftari mlangoni atajua yuko wapi.

Swali alilouliza dada ndio lilikuwa zuri kuliko yote. "Tukichelewa je?" Tuseme mwaka wa tatu mtoto aliugua, biashara ililala, badala ya 16.4 wana 14. Hapo ndipo mtu anapojaribiwa kuhamishia hela kwenye kitu kikali ili akimbize pengo. Tulikaa tukapiga hesabu mezani. Kubaki na tarehe ileile, wangetakiwa wapandishe akiba mpaka laki 5 na elfu 6 kwa miezi 24 iliyobaki. Kubaki na akiba ileile ya laki 3 na 98, mahali palepale pa asilimia 9, wangefika milioni 30 mwezi wa 65. Miezi mitano zaidi. Kodi ya Uyole miezi mitano ni milioni moja.

"Milioni moja tu?" dada akauliza, akamwangalia mumewe. "Kumbe mwenye nyumba wetu ndio tunampa hiyo, si dalali."